Chekechea Iwekwe Wapi? Hesabu za Kufanya Kabla ya Kulipa Kodi ya Nyumba

Mtoto wa miaka mitatu hafiki mbali kwa miguu yake. Akitembea dakika kumi anaanza kuvuta mkono wa mama, zikifika kumi na tano anataka kubebwa. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupanda daladala mbili kuifuata shule aliyoipenda, lakini mtoto wa chekechea hupelekwa na mtu mzima, na mtu huyo mara zote ana haraka: anawahi kazini, ana maandazi ya kuuza, au ana mwingine mgongoni. Ndiyo maana wateja wa chekechea hawatoki mji mzima. Wanatoka kwenye nyumba mia chache zilizoizunguka, na anayeanzisha shule anatakiwa kuzijua nyumba hizo kabla hajaijua rangi atakayopaka ukutani.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Kivule na Chanika, vibao vya chekechea vyenye picha za vikaragosi vinaongezeka kila mwaka. Baadhi vinadumu, vingine vinang'olewa kabla ya mwaka wa pili kuisha, na mara nyingi walimu hawakuwa wabaya. Mwenye shule aliipata nyumba kwanza, akaipenda kwa kuwa ina uwanja na kodi yake ni nafuu, halafu akaanza kuwatafuta watoto. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Watafutwe watoto kwanza, ijulikane wanapita njia gani na nani anawafundisha sasa, kisha nyumba itafutwe katikati yao.

Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa takwimu. Inahitaji daftari, viatu vya kutembelea, watu wawili wenye subira na wiki chache. Tuifuate hatua kwa hatua, tukitumia mtaa mmoja wa mfano ulio ndani kidogo ya barabara ya lami, wa aina inayopatikana kwa wingi Goba. Takwimu za mtaa huo ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu. Kila mtaa una zake.

Eneo hupimwa kwa miguu

Wengi huanza kwa kuchukua ramani ya simu na kuchora duara. Duara hilo linadanganya. Nyumba iliyo mita 300 kwenye ramani inaweza kuwa mbali ya dakika ishirini kama katikati pana korongo, ukuta mrefu wa kiwanda au uchochoro uliozibwa na fensi. Na barabara kuu yenye malori hukata eneo kama mto: wazazi walio ng'ambo hawataki kumvusha mtoto kila asubuhi, hata kama wanaliona paa la shule kutoka barazani kwao.

Njia ya uhakika ni kwenda mwenyewe. Simama kwenye nyumba unayoifikiria, kisha tembea kwa mwendo wa mtoto kuelekea kila upande ambao watu hupita kweli, na uweke alama pale dakika kumi na mbili zinapoisha. Ukiwa na mtoto wa miaka minne wa kutembea naye ni bora zaidi, kwa sababu atasimama kuangalia kuku na kuokota vijiti, na huo ndio mwendo halisi. Unganisha alama zako kwenye karatasi. Utapata umbo lisilo na mpangilio, limerefuka upande wenye njia nzuri na kufinywa upande wa korongo. Humo ndimo wanamotoka watoto watakaokuja kwa miguu.

Katika mtaa wetu wa mfano, barabara ya changarawe inaacha lami na kuingia ndani. Mita 700 mbele inagawanyika panda. Mbele ya panda pana korongo lenye kalavati, na ng'ambo yake makazi yanaanza kuwa machache na mapagale ni mengi. Kuna nyumba tatu za kupangisha: ya kwanza iko karibu na lami, ya pili iko penye panda, ya tatu iko ng'ambo ya korongo.

Kaya: usihesabu watu, hesabu umri

Ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia. Mwenyekiti au mtendaji anaweza kukueleza mtaa una kaya takriban ngapi na upande upi unajengwa kwa kasi, na wajumbe wa mashina wanazijua nyumba zao kwa majina. Matokeo ya Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu Watanzania 61,741,120 na wastani wa watu 4.3 kwa kaya, yanakusaidia kupata sura ya kata. Lakini sensa haizijui nyumba zilizojengwa baada yake, na pembezoni mwa jiji nyumba hizo ndizo zenye watoto wadogo zaidi.

Sehemu nyingine ya kuuliza ni zahanati. Siku za kliniki ya mama na mtoto, wahudumu huona watoto wachanga wa eneo lote wakija kupimwa uzito na kuchanjwa. Hawawezi kukupa majina wala kumbukumbu za mtu, na usiziombe. Wanaweza tu kukwambia kama kliniki imekuwa ikijaa kuliko miaka miwili iliyopita. Hilo ni jambo zito kwa chekechea, kwa sababu mtoto hakai kwako zaidi ya miaka miwili au mitatu kabla ya kwenda darasa la kwanza. Kila Januari unapoteza karibu nusu au theluthi ya watoto wako na kulazimika kuziba nafasi zao. Anayehesabu watoto wa miaka mitano peke yao anahesabu watu waliokwisha shika mlango. Watoto wa mwaka mmoja na miwili ndio watakaokulisha mwaka wa tatu wa shule yako.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kubisha hodi. Huwezi kwenda kila nyumba, kwa hiyo chagua kila nyumba ya kumi kwa kufuata njia, bila kuruka yenye geti wala kuipendelea yenye wenyeji wacheshi. Nenda Jumamosi jioni na Jumapili mchana. Ukienda Jumatano saa nne asubuhi utawakuta walio nyumbani muda wote, ambao wengi hawana haja ya chekechea, na utawakosa walio kazini, ambao ndio wateja wako hasa. Usipomkuta mtu, rudi mara nyingine kabla ya kuhamia nyumba ya jirani.

Maswali yawe machache: watoto waliopo wamezaliwa mwaka gani, mchana wanashinda wapi, nani huwapeleka na nani huwachukua, na kila mwezi zinatoka shilingi ngapi ukijumlisha vyote. Usiulize, "Nikifungua shule nzuri hapa, utamleta mtoto?" Karibu kila mama atajibu kwa adabu, "Nitamleta, Mungu akijalia," na jibu hilo halina uzito wowote kwenye hesabu. Uliza yanayofanyika leo. Mama anayesema, "Mwanangu anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi la shule, na akirudi amelala kitini," amekueleza mengi bila kuahidi chochote.

Katika mtaa wa mfano, eneo lote lina kaya 1,500. Tukatembelea 150 na kukuta watoto 51 wa miaka mitatu hadi mitano. Tukizidisha kwa kumi, eneo lote lina watoto wapatao 510. Mtu mwenye pupa angeishia hapo na kwenda kununua viti 100. Lakini ugawe huo 51 kwanza. Watoto 11 wako darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, ambako hakuna ada. Watoto 16 wako kwenye vituo na shule binafsi. Waliobaki 24 wako nyumbani na bibi, dada wa kazi au mama mwenyewe.

Hao 24 ndio wanaovutia macho, na ndio wanaopoteza watu. Kati yao, wazazi wa 11 wanasema fedha hakuna. Wa 9 wanasema mtoto bado mdogo. Wa 4 peke yao wanasema wangempeleka lakini shule ziko mbali, au hakuna wa kumsindikiza. Kwa wale 16 walio shule binafsi, 5 wanapelekwa nje ya mtaa kwa basi au bodaboda na wazazi wao wamechoka. Basi wenye sababu halisi ya kuhamia shule mpya ya karibu ni 4 na 5, yaani 9 kati ya 51. Kwa eneo zima ni kama 90, na si 510.

Hata hiyo 90 inahitaji tahadhari. Watoto 9 ni wachache, na bahati tu ya nyumba ulizoangukia ingeweza kukupa 5 au 14. Matokeo yakikaribia mpaka wa kupata au kukosa, ongeza nyumba 100 nyingine karibu na jengo unalolitaka kabla ya kuamua. Halafu kata nusu, kwa kuwa si kila aliyechoka huhama; wengine wana ndugu wa mtoto kwenye shule ile ile, na wengine wamekwisha lipa sare na ada ya mwaka. Tunabaki na watoto 45 kwa mwaka wa kwanza, nao wametawanyika eneo zima.

Washindani wasio na kibao

Ukiuliza shule zilizopo, watu watakutajia zenye kibao. Orodha yako lazima iende mbali zaidi. Yuko mama anayelea watoto kumi sebuleni kwake na kuwapikia uji. Kuna darasa la asubuhi la kanisa, na kuna madrasa ambako watoto hushinda mpaka adhuhuri. Kuna shule ya msingi ya serikali yenye darasa la awali, ambalo kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ni mwaka mmoja wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Darasa hilo ni la watoto wa miaka mitano, kwa hiyo eneo lenye shule ya serikali inayosifiwa huwaachia binafsi hasa watoto wa miaka mitatu na minne. Kama mpango wako wote umesimama juu ya watoto wa miaka mitano, utakuwa unashindana na huduma isiyo na ada.

Mshindani mwingine hayumo kabisa mtaani. Ni shule kubwa ya mchepuo wa Kiingereza iliyo kilomita nane, inayotuma mabasi yake kila alfajiri. Simama penye panda saa 11:30 alfajiri na uhesabu mabasi yanayoingia na watoto wanaopanda. Wazazi wale wana uwezo wa kulipa, lakini wengi wanampeleka mdogo huko ili apate nafasi ya darasa la kwanza baadaye. Hao hawatahama kwa sababu ya ukaribu peke yake, na ni vyema kuwatoa kwenye hesabu.

Kuipima shule ya jirani hakuhitaji hila. Simama upande wa pili wa barabara kuanzia saa 1:00 hadi saa 2:15 asubuhi, siku tatu za katikati ya wiki, uhesabu watoto wanaoingia na namna wanavyofika: kwa miguu, kwenye bodaboda, kwa gari au kwa basi. Fanya hivyo mwishoni mwa Januari, na tena baada ya likizo fupi. Idadi ikianguka sana kati ya vipindi hivyo, ama ada imewashinda wazazi ama huduma imewaudhi. Wasalimu kina mama wanaotoka getini na utaambiwa ni lipi.

Tazama pia umri. Shule yenye watoto wengi wa miaka mitatu na wachache wa mitano inapendwa kwa malezi, lakini wazazi hawaiamini kwa kusoma na kuandika. Yenye sura ya kinyume inaaminika kwa masomo, ila pengine haina mahali pa kulala wala mlezi wa kumbadilisha mtoto nguo. Kila upungufu ni nafasi kwako. Kigezo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na ukikuta darasa la jirani lina 50, ujue wazazi wake wanaliona pia.

Shule iliyojaa isikutishe, maana imekwisha thibitisha kuwa watu wa hapo hulipa. Inayopaswa kukusimamisha ni iliyokufa. Ukikuta bembea zenye kutu kwenye uwanja wa nyumba iliyogeuzwa stoo ya saruji, tafuta jirani aliyekuwapo na umuulize kwa nini ilifungwa. Akisema walimu hawakulipwa, hilo unaweza kulirekebisha. Akisema watoto hawakutosha tangu siku ya kwanza, utakuwa umepewa bure jibu ambalo mwenzako alilinunua kwa gharama kubwa.

Kwa upande wa bei, linganisha jumla. Shule moja hutaja ada ya chini kisha ikadai uji, rimu za karatasi, mitihani, sare mbili na mahafali. Nyingine hutaja ada ya juu yenye kila kitu ndani. Mzazi anajua jumla yake kwa mwaka, nawe unatakiwa uijue.

Asubuhi wanakwenda wapi, na mchana nani anamchukua

Goba inafundisha vizuri jambo hili. Kutoka hapo lami inakwenda Mbezi Mwisho, inakwenda Tangi Bovu kwenye Barabara ya Bagamoyo, inakwenda Makongo, na nyingine inakwenda Madale. Wakazi wa mtaa mmoja wanaweza kutoka asubuhi kwa njia tatu tofauti kutegemea kazi ziko Kariakoo, Mwenge au Tegeta. Mzazi humwacha mtoto mahali palipo njiani kwake. Kumrudisha nyuma dakika kumi na kisha kuigeukia safari ya kazi ni jambo atakalolifanya wiki ya kwanza na kulichoka ya pili.

Kwa hiyo hesabu mkondo. Keti karibu na panda kuanzia saa 12:00 hadi saa 2:00 asubuhi na uandike kila mtu mzima aliye na mtoto mdogo, na upande anaoelekea. Utawaona dada wa kazi wamebeba mikoba midogo yenye picha za katuni, na bodaboda zilizopakia mshikaki: dereva mbele, mtoto kwenye tangi, mwingine katikati, na shangazi nyuma. Mshikaki mmoja unaoondoka mtaani kila siku ni mzazi anayelipa usafiri kwa sababu karibu hakuna anachokitaka.

Mkondo wa asubuhi humvutia mwenye shule kwenda kituoni, karibu na lami, na hapo ndipo wengi hukosea. Darasa la awali huisha karibu saa sita mchana. Mzazi aliyemwacha mtoto saa 12:30 yuko Posta, hawezi kumfuata. Anayemfuata ni dada, bibi, au kaka yake wa darasa la nne, naye anatoka nyumbani kwa miguu, juani. Kwake yeye kituo cha daladala kiko mbali. Basi uliza kwa kila nyumba maswali mawili, nani humpeleka na nani humchukua. Kama anayemchukua yuko nyumbani, shule iwe ndani ya mtaa. Kama hakuna mtu nyumbani mchana, mzazi huyo anahitaji kituo kinachokaa na mtoto hadi saa 12 jioni, na kwa huyo peke yake sehemu ya karibu na kituo cha daladala inafaa.

Jambo la mwisho la njia ni maji. Ikague barabara wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au zungumza na wanaoipita kila siku. "Kaka, pale kwenye kalavati mvua ikinyesha mnapita?" Dereva wa bajaji atakujibu bila kupamba: "Dada, ikipiga kubwa tunasubiri maji yapungue. Na nauli inapanda, maana tunazungukia juu." Nusu saa ya kusubiri maji yapungue kwa mtu mzima ni usumbufu. Kwa shule ni siku ambayo theluthi ya watoto hawakufika, na muhula wenye siku nyingi za namna hiyo huishia kwa mzazi kuuliza analipia nini.

Nyumba tatu kwenye hesabu moja

Sasa turudi kwenye nyumba zetu. Tuseme wazazi wa eneo hili wanamudu shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukiacha kodi, shule ndogo yenye walimu wawili, msaidizi, mpishi, uji na vifaa inakula shilingi 1,400,000 kwa mwezi.

Nyumba ya kwanza, karibu na lami, kodi yake ni 900,000. Jumla ni 2,300,000, kwa hiyo inahitaji watoto 39 ili irudishe gharama. Tukiweka kwenye ramani nyumba 9 za wazazi wenye sababu ya kuhama, ni 2 tu zilizo ndani ya dakika kumi na mbili, kwa sababu nusu ya eneo lake ni maduka na nusu nyingine iko ng'ambo ya lami. Hiyo ni kama watoto 20, na nusu yake ni 10. Wapita njia wa asubuhi wangeongeza kadhaa, lakini wengi wao hawana wa kumfuata mtoto mchana hadi hapo.

Nyumba ya tatu, ng'ambo ya korongo, ina uwanja mpana na miembe mitatu ya kivuli, na kodi ni 350,000 tu. Ndiyo inayopendeza kuliko zote. Karibu yake ipo nyumba 1 kati ya zile 9. Ili kuwapata wengine lazima ununue au ukodi Haisi, na dereva, mwangalizi wa watoto, mafuta na matengenezo vikila 900,000 kwa mwezi, jumla inafika 2,650,000. Sasa inahitaji watoto 45, yaani kila mtoto tuliyemtarajia eneo zima. Wazazi wakichangia usafiri mzigo unapungua, ila bei yako inakuwa sawa na ya shule yenye basi waliyokuwa wakiikimbia. Na Haisi italisubiri korongo kama bajaji.

Nyumba ya pili, penye panda, kodi ni 600,000. Jumla 2,000,000, watoto 34 wanatosha. Ndani ya dakika kumi na mbili zipo 6 kati ya nyumba 9, sawa na watoto 60, na kwa kukata nusu tunatarajia 30. Uwanja wake ni mdogo na ukuta umepasuka, lakini ndiyo pekee ambayo idadi tunayoitarajia inakaribia idadi inayohitajika.

Inakaribia, haijafika. Watoto 30 kwa 60,000 ni shilingi 1,800,000, kwa hiyo mwaka wa kwanza shule itapungukiwa 200,000 kila mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka, hata mambo yakienda kama yalivyopangwa. Mwenye shule awe na fedha hiyo pembeni kabla ya kufungua mlango. Kinachompa matumaini ni wale 9 waliosema mtoto bado mdogo, pamoja na watoto wa mwaka mmoja na miwili ambao daftari limewaandika. Wakiwa wengi kuliko wale wa miaka mitano, mtaa unakua kuelekea kwake. Wakiwa wachache, mtaa umezeeka, na hata shule ikijaa mwakani itaanza kupungua muda si mrefu.

Yanayoweza kuipindua hesabu

Hesabu nzuri inaweza kuharibiwa na jambo moja lililojulikana mtaani nawe hukuuliza. Muulize mtendaji kama shule ya msingi inaongezewa madarasa, na kama kuna ujenzi wa shule mpya jirani. Kagua mipaka ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilibomolewa kupisha hifadhi, na wapangaji wenye biashara waliondoka pamoja na wenye nyumba. Alama ya X ukutani inaonekana. Ambayo bado haijapigwa inapatikana kwa kuuliza.

Kuna pia mlango wa sheria. Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, na shule ya awali kupitia Wizara ya Elimu. Masharti ya vyoo, uwanja na matumizi ya ardhi yachukue halmashauri mapema, na waombe maofisa, wakiwemo wathibiti ubora wa shule, wakushauri kuhusu jengo kabla hujatia saini. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja. Kwa nyumba ya 600,000, miezi sita ni shilingi 3,600,000, na hairudi kwa sababu jengo limekataliwa au watoto hawakutokea.

Muhula wa kwanza huanza Januari na wazazi huamua kati ya Oktoba na Desemba. Basi kalenda ya anayetaka kufungua mwakani inaanza mapema: Aprili anaitazama barabara ikiwa na maji, Mei na Juni anabisha hodi, Julai anawahesabu watoto kwenye mageti ya wenzake, na Agosti anakaa na mwenye nyumba akiwa na daftari mkononi. Daftari likionyesha kwamba watoto 34 hawapatikani, asimshushe mwenye nyumba bei ili hesabu ikubali kwa nguvu. Aende mtaa wa pili na kuanza upya, akiwa bado na shilingi zake zote.